Elfu kumi ile ile, uniti 69.7 kisha 27.2: kisa cha LUKU ya wapangaji wawili

Nyumba yenyewe iko Tabata, Dar es Salaam. Vyumba viwili vimepangishwa, mita ya LUKU ni moja, mwenye nyumba anaishi mbali. Wapangaji walikubaliana kununua umeme kwa zamu: ukiisha, anayefuata anaingiza. Machi 2024 dada wa chumba cha mbele alinunua wa elfu kumi tarehe 2, ukakaa mpaka tarehe 21. Ikaja zamu ya kaka wa chumba cha nyuma, naye akaweka elfu kumi, umeme ukakata tarehe 29. Dada akagoma kununua. "Wangu umekaa siku kumi na tisa, wako siku nane. Malizia zamu yako, kaka." Kaka akaongeza elfu tano kwa shingo upande, halafu akanitumia skrinishoti tatu za meseji za malipo, na neno moja chini yake: "Fundi, hapa nani ananiibia?"

Alikuwa na washukiwa watatu. Wa kwanza ni dada mwenyewe, kwamba siku za zamu ya kaka huwa anapikia jiko la umeme kwa siri. Wa pili ni mtandao wa simu, kwamba umekata hela. Wa tatu alitoka kwa mwenye nyumba, ambaye kwa simu aliwaambia kwa uhakika wote: "Mmehamishwa tarifu nyie, mnatumia umeme mwingi." Skrinishoti hizo tatu zinatosha kujibu karibu kila kitu, mradi zisomwe zote kwa pamoja na kwa tarehe zake. Ukiichukua moja peke yake inadanganya.

Nimeondoa namba ya mita na tarakimu ishirini za tokeni. Tokeni haiwezi kuingia kwenye mita ya mtu mwingine, lakini namba ya mita na jina la mteja hazina sababu ya kuzunguka kwenye simu za watu. Mpangilio wa meseji nao hutofautiana kidogo kutegemea umelipia wapi. Vilivyobaki ni hivi:

```
02/03/2024            21/03/2024            29/03/2024
Units      69.7       Units      27.2       Units      11.7
Cost    6967.21       Cost    8196.72       Cost    4098.36
VAT 18% 1254.10       VAT 18% 1475.41       VAT 18%  737.70
EWURA 1%  69.67       EWURA 1%  81.97       EWURA 1%  40.98
REA 3%   209.02       REA 3%   245.90       REA 3%   122.95
Property Tax 1500
TOTAL  10000.00       TOTAL  10000.00       TOTAL   5000.00
```

Kitu cha kwanza ambacho kila mtu hufanya ni kugawa hela aliyotoa kwa uniti alizopata. Kaka alikuwa ameshafanya hivyo: 143 kwa uniti kwenye risiti ya dada, 368 kwenye yake ya kwanza, 427 kwenye yake ya pili. Umeme ule ule, mita ile ile, mwezi ule ule, na bei imepanda karibu mara tatu. Ukikaa na namba hizo tatu tu, hata mimi ningeanza kumtazama jirani kwa jicho la pembeni.

Hesabu hiyo ina kasoro, kwa sababu ndani ya "hela uliyotoa" kuna vitu vitatu vya aina tofauti: deni lisilohusu umeme kabisa, kodi na tozo zinazokwenda kwa asilimia, na umeme wenyewe. Kila kimoja kinaondolewa kwa njia yake, na mpangilio wa kuviondoa una maana.

Kinachotoka kwanza ni kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakusanywa kupitia LUKU, na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hukatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi, yote kwa mkupuo. Ukipitisha mwezi bila kununua haisamehewi, inakusubiri: mwezi unaofuata utaona 3,000. Ndiyo maana haifai kuichanganya na bei ya uniti. Anayenunua wa elfu mbili siku ya kwanza ya mwezi anaona robo tatu ya hela yake imemezwa, na anayenunua wa laki moja haihisi kabisa, wakati bei ya umeme kwa wote wawili haijabadilika. Kama risiti yako ina mstari mwingine wa deni, deni la kuunganishiwa umeme kwa mfano, nalo linatoka hapa hapa kabla ya hesabu nyingine yoyote.

Kwa hiyo elfu kumi ya dada ilikwenda kwenye umeme 8,500 tu. Elfu kumi ya kaka ilikwenda yote. Hapo tayari kuna jambo ambalo kaka hakuliona: mwenzake alilipia kitu ambacho yeye hakulipia.

Cha pili ni asilimia, na hapa watu wengi hukosea hata wakiwa na kikokotozi mkononi. VAT ni 18, REA ni 3, EWURA ni 1, jumla 22. Mtu anachukua asilimia 22 ya 10,000, anapata 2,200, anaondoa, anabaki na 7,800. Halafu anatazama risiti anaona 8,196.72 na kuanza kusema mashine haijui hesabu. Mashine iko sawa. Asilimia hizo hazipigwi kwenye hela uliyotoa, zinapigwa kwenye thamani ya umeme iliyoandikwa Cost, kisha zinajumlishwa juu yake. Hela uliyotoa ni thamani ya umeme pamoja na asilimia 22 ya thamani hiyo hiyo, yaani thamani mara 1.22. Kurudi nyuma unagawa:

```
Cost = (TOTAL - Property Tax) / 1.22

02/03:  (10000 - 1500) / 1.22 = 6967.21
21/03:  10000 / 1.22          = 8196.72
29/03:  5000 / 1.22           = 4098.36
```

Zote tatu zinalingana na risiti mpaka senti. Ukijumlisha mistari ya risiti ya tatu utapata 4,999.99, senti moja imepotea kwenye kufupisha desimali, basi. Hapo mshukiwa wa pili anaondoka kwenye orodha. Mtandao wa simu haukugusa hela ya umeme. Kama ulitoza ada ya muamala, ada hiyo ingeonekana kwenye salio la simu, si ndani ya risiti ya LUKU.

Sasa ndipo unagawa kwa uniti, ukitumia Cost badala ya hela uliyotoa:

```
02/03:  6967.21 / 69.7 = 99.96
21/03:  8196.72 / 27.2 = 301.35
29/03:  4098.36 / 11.7 = 350.29
```

Namba hizi zinaongea. Bei zilizokuwa zikitumika ni zile zilizopangwa na EWURA mwaka 2016. Mteja mdogo wa nyumbani, tarifu D1, analipa shilingi 100 kwa uniti kwa uniti 75 za kwanza za mwezi, na 350 kwa kila uniti inayozidi hapo. Mteja wa matumizi ya kawaida, tarifu T1, analipa 292 kwa uniti bila ngazi yoyote, tangu uniti ya kwanza mpaka ya mwisho. Ukizipandisha kwa 1.22 unapata bei ambazo watu wanazifahamu mfukoni: 122, 427 na 356.24.

Risiti ya kwanza ni 100 safi. Ya tatu ni 350 safi, yale ya ziada nyuma ya nukta yanatokana na uniti kuandikwa kwa desimali moja tu. Ya katikati, 301.35, haifanani na bei yoyote kati ya hizo tatu, na ndiyo iliyozaa ugomvi wote.

Tuanze na nadharia ya mwenye nyumba, kwa sababu ina sura ya ukweli. 301 iko karibu na 292. Mtu akikuambia mmehamishiwa T1 na tofauti ni ya kufupisha desimali, unaweza kukubali. Lakini kufupisha desimali kuna mipaka yake, na mipaka hiyo inapimika. Risiti ikisema 27.2, uniti halisi ziko kati ya 27.15 na 27.25. Gawa 8,196.72 kwa kila moja, unapata kati ya 300.8 na 301.9. Hakuna namna 292 itaingia humo. Ukitaka njia fupi zaidi: elfu kumi ya T1 isiyo na deni hutoa uniti 28.07, na kaka alipata 27.2. Karibu uniti nzima haipo, na uniti nzima haipotei kwenye desimali. Kisha risiti ya tarehe 29 inafunga mjadala, maana 350 haipo T1. Mita iliyohamishiwa T1 tarehe 21 isingeweza kutoa bei ya D1 tarehe 29.

Basi 301 imetoka wapi? Imetoka kwenye risiti moja iliyokanyaga ngazi mbili. Mfumo wa kuuza umeme unahesabu uniti zilizonunuliwa na mita tangu tarehe mosi ya mwezi. Haujui nani kanunua, wala haujui uniti zimeshatumika au bado zipo. Dada alishachukua 69.67 kati ya zile 75 za bei ya chini. Zikabaki 5.33. Kaka alipoweka hela yake tarehe 21, mfumo ulimpa kwanza hizo 5.33 kwa shilingi 100, ukimaliza fungu, kisha hela iliyobaki ikauziwa umeme wa 350:

```
Fungu lililobaki:  75 - 69.67            = 5.33 uniti
Gharama yake:      7500 - 6967.21        = 532.79
Hela iliyobaki:    8196.72 - 532.79      = 7663.93
Kwa bei ya 350:    7663.93 / 350         = 21.90 uniti
Jumla:             5.33 + 21.90          = 27.2 uniti
```

Inatoka 27.2, kama ilivyoandikwa. Huo ndio uthibitisho ninaoupenda kwenye kazi ya namna hii. Kukisia tarifu kwa kuangalia bei inafanana na nini ni hatua ya kwanza tu. Unapoweza kuanza na hela na tarehe ukaishia kwenye uniti zile zile za risiti bila kuzitazama, hapo ndipo unajua umeshika utaratibu wenyewe.

Na ndiyo sababu risiti moja haitoshi. Mtu akikutumia skrinishoti ya tarehe 21 peke yake na kuuliza "niko tarifu gani?", jibu la uaminifu ni kumwomba risiti zilizotangulia tangu tarehe mosi. Bei ya katikati, kati ya 100 na 350, inaweza kuwa namba yoyote kutegemea fungu lilibaki kiasi gani, na siku moja itaangukia 292 kwa bahati tu. Namba safi ndizo zenye ushahidi: ukipata 100, au 350, au 292 kwenye risiti mbili mfululizo za mwezi mmoja, hapo unaweza kusema.

Anabaki mshukiwa wa kwanza, dada na jiko lake la siri. Hapa risiti zinasaidia kwa upande mwingine, kwa sababu zina tarehe. Lalamiko la "umeme unaisha haraka" linaweza kuwa na maana mbili zisizohusiana: ama umenunua uniti chache, ama mnatumia uniti nyingi kwa siku. Uniti 69.7 zilikaa siku 19, ni kama 3.7 kwa siku. Uniti 27.2 zilikaa siku 8, ni 3.4 kwa siku. Uniti 11.7 zilifika mpaka tarehe mosi Aprili, siku 3, ni 3.9 kwa siku. Mstari huo umenyooka. Jiko la umeme la plagi linavuta kilowati moja au mbili, saa moja tu ya kupikia kila siku ingeonekana hapo kama mlima, na kwenye zamu ya kaka matumizi yalishuka kidogo badala ya kupanda. Dada hana hatia. Umeme wa kaka uliisha haraka kwa sababu alipewa mchache, na alipewa mchache kwa sababu alikuwa wa pili.

Nilimweleza kaka hivyo. Jibu lake lilikuwa la haraka: basi zamu ni dhuluma, dada anirudishie. Kwa jumla yeye katoa 15,000, mwenzake 10,000, wakati nyumba ni ya wote. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, ila ilihitaji kitu kimoja ambacho skrinishoti haina: nani anatumia kiasi gani.

Chumba cha nyuma kina friji dogo la mlango mmoja. Vingine vinafanana kwa kiasi kikubwa, kila mmoja ana feni, televisheni, taa, simu za kuchaji, na pasi ya mara moja moja. Niliwaomba wafanye kipimo cha usiku mmoja. Saa nne usiku wazime kila kitu vyumba vyote viwili, chaja zichomolewe ukutani, televisheni isibaki kwenye taa nyekundu, libaki friji tu. Wasome salio la uniti kwenye rimoti ya LUKU, na walisome tena saa kumi na mbili asubuhi kabla mtu hajawasha hata taa. Ilisoma 14.62, kisha 14.27. Friji lilikula uniti 0.35 kwa saa nane, yaani takribani 1.05 kwa siku nzima, kama 31.5 kwa mwezi wa siku 30. Kipimo hiki huwa kinapendelea friji, kwa kuwa usiku kuna baridi kidogo na hakuna anayefungua mlango. Mchana wa Dar linakula zaidi. Lakini kwa kusuluhisha watu wawili kinatosha.

Sasa tuweke mwezi mzima mezani. Uniti zote ni 108.6. Hela iliyokwenda kwenye umeme, ukiondoa kodi ya jengo, ni 23,500. Wastani wa uniti moja kwa mwezi huo ni shilingi 216.4. Toa friji, zinabaki 77.1, nusu kwa nusu ni 38.55 kila chumba. Kwa hiyo dada katumia kama 38.55 na kaka kama 70.05. Zidisha kwa wastani: dada alipaswa kuchangia 8,342, kaka 15,159.

Na kweli walitoa nini kwenye umeme? Dada 8,500. Kaka 15,000.

Ilikuwa sadfa, sitaki mtu aondoke hapa akidhani zamu ina akili ya kupima matumizi. Mwezi ambao kaka angeanza yeye, mambo yangegeuka: angechukua fungu la bei rahisi pamoja na friji lake, na dada angebaki kununua uniti za 427 za kugandishia barafu ya mwenzake. Zamu inampendelea anayenunua mwanzoni mwa mwezi, na inamwangushia huyo huyo kodi ya jengo. Wapangaji wanaotumia mita moja wangeachana nayo kabisa. Risiti zote za mwezi ziwekwe pamoja, kodi iondolewe, jumla igawanywe kwa matumizi.

Kugawa kwa wastani nako si neno la mwisho. Dada angeweza kusema, na angekuwa na hoja: bila friji lako tungebaki karibu kabisa ndani ya 75, ndilo lililotuvusha. Uniti zilizovuka mwezi ule ni 33.6, na friji ni 31.5, karibu zote. Ukikubali kwamba fungu la bei ya chini ni la wote na kila chumba kina haki ya nusu yake, uniti 37.5, basi dada analipa 37.5 kwa 122 na ile moja na kidogo iliyozidi kwa 427, jumla kama 5,020. Kaka analipa kama 18,470. Mimi naona njia hii ndiyo ya haki zaidi, kwa sababu kila mtu anabeba bei ya ngazi aliyoipanda mwenyewe. Lakini nakiri inahitaji mita ndogo ya kila chumba ili isiwe ugomvi wa makisio. Bila mita hiyo, wastani unaleta amani kuliko haki, na wao walichagua wastani. Kaka hakurudishiwa kitu.

Aliyekuwa na hela ya kudai ni dada: 1,500 ya kodi ya jengo. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo, mpangaji anailipa kwa sababu tu ndiye aliyeshika simu siku ya kununua. Risiti yenye mstari wa Property Tax ndiyo ushahidi wa kumwonyesha mwenye nyumba ili ikatwe kwenye kodi ya pango. Kwa mwaka ni 18,000. Mwenye nyumba yule yule aliyewaambia wamehamishwa tarifu alikuwa hajawahi kuulizwa.

Na kuhusu tarifu, alikosea kwa mwezi ule, ila wasiwasi wake haukuwa bure. Wapangaji wengi wanaiogopa ile 427 na kusema afadhali T1 yenye 356. Tazama mwezi huu wao. Uniti 108.6 kwa D1 zimegharimu 23,500. Kwa T1 zingegharimu 108.6 mara 356.24, karibu 38,690. Tofauti ni zaidi ya elfu kumi na tano kwa matumizi yale yale. Uniti 75 za kwanza zina unafuu mkubwa kiasi kwamba ingebidi nyumba ifike kama uniti 323 kwa mwezi ndipo D1 iwe ghali kuliko T1. Kwa hiyo 427 kwenye risiti inauma, lakini ni dalili kwamba bado mko kwenye tarifu nzuri. Kinachopaswa kuwatisha ni kuiona mara kwa mara, maana D1 imewekwa kwa mteja ambaye wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Mita inayovuka kila mwezi haina sababu ya kubaki humo. Siku ikihamishwa, mtajua kwa risiti ya kwanza ya mwezi: toa 1,500, gawa kwa 1.22, gawa kwa uniti. Ikitoka 292 mahali ambapo mlizoea 100, basi.

Kwa nyumba hii njia za kubaki D1 ni mbili. Moja ni kupunguza uniti 33 hivi, ambayo kwa vitendo ni kuliondoa friji, na kaka hataki kusikia. Ya pili ni kila chumba kuwa na mita yake. Kwa uniti zile zile za Machi, dada wa 38.55 angelipa kama 4,700 na kaka wa 70.05 kama 8,550, wote ndani ya ngazi ya 122, jumla 13,250 badala ya 23,500. Wangeokoa kama 10,250 kwa mwezi. Kuunganishiwa umeme mjini kwa njia moja, pale pasipohitaji nguzo, ilikuwa 320,960 wakati huo, ukiacha gharama ya kutenganisha nyaya za ndani. Gawanya: miezi 31 ndipo hela irudi. Kwa mpangaji wa mkataba wa mwaka mmoja haina maana. Kwa mwenye nyumba mwenye mpango wa kupangisha miaka kumi ina maana, hasa akikumbuka kwamba mita ikihamia T1 miezi hiyo inapungua mpaka kumi na tatu hivi.

Aprili walinunua tarehe mosi, kwa kuchanga, 10,650: kodi ya jengo na uniti 75 kamili. Wakakubaliana kwamba zikiisha, waongeze kidogo kidogo za kuwafikisha tarehe mosi Mei tu, kwa sababu kila uniti watakayoinunua mapema kwa 427 mwishoni mwa mwezi, asubuhi inayofuata mwezi mpya ingewagharimu 122.